Vilele vya 127, 129 na 131 kwenye maji ya kisima cha Lamu: nimekosea wapi?

mtoto_wa_langoni

Assalaam aleikum wanajamvi. Mimi ni mwanafunzi wa kemia mwaka wa nne, kwetu Lamu, Langoni. Likizo iliyopita nilichota maji ya visima viwili. Kimoja ni cha nyumbani, nyuma ya mji. Cha pili kiko karibu na ufuo, na maji yake yana chumvi hadi chai hainyweki. Nikayatia klorini kama tunavyofanya nyumbani, nikayaacha saa 24, nikaua klorini iliyobaki kwa thiosalfeti, halafu nikayatikisa na pentani. Chuoni nikaingiza mikrolita 1 ya ile pentani kwenye mashine ya kromatografia ya gesi yenye spektromita ya masi.

Kwa kisima cha nyumbani umetoka mlima mmoja mkubwa. Nikifungua spektra yake, vilele virefu ni hivi:

```
m/z 127    91
m/z 129   100
m/z 131    28
```

Tumefundishwa kwamba vilele viwili vilivyoachana kwa 2 vikiwa 3 kwa 1 ni klorini, na vikilingana ni bromini. Hapa viko vitatu, na havifuati hii wala ile. Viwili vya mwanzo vinakaribia kulingana kama bromini, lakini hicho cha tatu kimetoka wapi? Maktaba ya spektra ya mashine haifunguki, leseni imekwisha tangu mwaka jana, kwa hiyo siwezi kuiuliza mashine jina. Msaada tafadhali.

ticha_malindi

Waaleikum salaam binti. Mbona hii nyepesi. Una bromini moja na klorini moja kwa pamoja, ndiyo maana vilele vitatu. Jina lake ni bromoklorometani, CH2BrCl. Nimeishika chupa yake kwa mkono wangu, imeandikwa masi ya moli 129.38, na kilele chako kirefu ni 129. Umemaliza kazi.

Ila angalia pia kwamba 129 ni witiri, na kanuni inasema masi ya witiri ina naitrojeni. Huenda kuna kitu kingine kimejichanganya humo.

nahodha_mstaafu

Mimi nina kisima Shela, upande wa mchangani, maji matamu tangu enzi za babu. Mwaka jana kijana mmoja alikuja akayatia dawa, siku tatu nyumba nzima inanuka kama bwawa la kuogelea la hoteli. Sasa hivyo vilele mnavyosema ndiyo sumu yenyewe? Tuyanywe au tusiyanywe?

bi_mwani

Nahodha shikamoo. Binti, mimi si mkemia lakini nimeuza mwani miaka mingi, na wanunuzi wetu wanapima ayodini. Karatasi yao siku zote inaonyesha 127. Kisima kiko pwani, mwani unaoza ufuoni, maji yanapenya chini. Hiyo 127 ni ayodini.

neli_ya_kioo

Nimefanya kazi na mashine hizi Mombasa muda mrefu, niruhusuni niingie.

Ticha, nusu ya kwanza umepatia vizuri. Bromini moja na klorini moja zipo, hilo halina ubishi. Jina ndilo limekuponyoka, na lililokuponyosha ni ile namba ya kwenye chupa. 129.38 ni wastani. Mtengenezaji wa chupa anapima mabilioni ya molekuli kwa pamoja, nyepesi na nzito, anagawa. Mashine haifanyi hivyo, inapima kila molekuli peke yake. Bromini ya asili ni 79 na 81 karibu nusu kwa nusu, 50.7 kwa 49.3. Jedwali la elementi linaandika 79.9, lakini kwenye bromini ya asili hakuna ya 80 hata moja. Ukitafuta kilele kwa kutumia wastani utapigania mahali pasipo na kitu.

Sasa jumlisha bromoklorometani kwa namba kamili: 12 ya kaboni, 2 za hidrojeni, 79, 35. Ni 128. Vilele vyake vitakuwa 128, 130 na 132. Binti ana 127, 129, 131. Kila kimoja kimepungua 1, maana yake hidrojeni moja haipo: CHBrCl. Na CHBrCl peke yake si kitu cha kukaa kwenye chupa, kaboni ina mkono mmoja mtupu. Hicho ni kipande kilichobaki baada ya molekuli kubwa kuvunjika.

Na hapo hapo ndipo witiri unapojieleza. Kanuni ya naitrojeni inahusu molekuli nzima iliyopoteza elektroni moja tu. Kipande kilichomeguka atomi nzima kinageuza hesabu: bila naitrojeni hata chembe, kinakuwa witiri. Kwa hiyo witiri hapa haukwambii kuna naitrojeni, unakwambia hiki ni kipande.

mtoto_wa_langoni

Ahsante sana. Lakini kabla hatujaenda mbele, sijaelewa kwa nini vitatu, na kwa nini cha kati ndicho kirefu. Naijua 3 kwa 1, naijua 1 kwa 1, lakini zikikutana napotea.

neli_ya_kioo

Usikariri jedwali, utalisahau siku ya mtihani. Fanya hivi. Andika klorini yako, 3 na 1. Hizo ndizo molekuli zilizobahatika kupata bromini nyepesi ya 79. Sasa kuna idadi sawa na hiyo iliyopata bromini ya 81. Nazo zina 3 na 1 ile ile, ila zote zimesogea mbele kwa 2. Ziandike chini yake zikiwa zimesogea nafasi moja, ujumlishe wima:

```
             127  129  131
pamoja na 79Br  3    1
pamoja na 81Br       3    1
                -----------
                3    4    1
```

Cha kati ni kirefu kwa sababu kina njia mbili za kufikiwa: 79 na 37, au 81 na 35. Mashine ya kawaida haitofautishi hizo mbili, zote inaziweka kwenye 129. Cha mwisho ni kifupi kwa sababu kinahitaji zote mbili ziwe nzito, na klorini nzito ni kama moja katika nne.

Klorini si 3 kwa 1 kamili, ni 75.8 kwa 24.2. Ukipiga kwa namba halisi unapata 77, 100 na 24. Shika hizo, tutazihitaji, maana zako ni 91, 100 na 28 na mimi hizo hazinipendezi.

Bi_mwani, hoja yako si ya kutupwa. Ayodini ni 127 kweli. Lakini ayodini ya asili ina isotopu moja tu, haina mwenzake wa 129 wala 131. Ingekuwa ayodini tupu, kilele kingesimama peke yake kama mnara. Hapa kina wenzake wawili katika mpangilio unaoeleweka.

ticha_malindi

Nimekubali kuhusu 128, hapo niliteleza. Ila nitetee kidogo: ile CH2BrCl baadhi ya maabara huitia kwenye sampuli makusudi, kama kipimo cha ndani cha kulinganishia. Kwa hiyo si ajabu kuikuta. Binti una hakika fundi wa maabara hakuitia?

neli_ya_kioo

Swali zuri, Ticha, hilo linatokea kweli. Njia ya kukata mzizi ni kuangalia 49. Bromoklorometani ikipoteza bromini inabaki CH2Cl, inatoa 49 na 51 kwa 3 kwa 1, na 49 huwa ndefu sana. Binti, tazama 49, halafu panda juu kabisa ya spektra, kuanzia 200. Usitazame kwa macho, pale juu vilele ni vifupi na skrini inavimeza. Omba orodha ya namba.

mtoto_wa_langoni

Fundi anasema hajatia kitu. Kwenye 49 hakuna cha maana. Na kweli huko juu kulikuwa na kitu, sikukiona kwa sababu skrini ilikuwa inaficha kila kilicho chini ya asilimia 10. Hivi ndivyo mashine ilivyohesabu:

```
m/z 206    215,000
m/z 208    478,000
m/z 210    339,000
m/z 212     64,000
```

Na kilele cha 129 ni 8,388,000 na kidogo.

neli_ya_kioo

Hapo sasa. Chukua 206 utoe 127, unabaki na 79. Molekuli nzima imepoteza bromini moja ikabaki kile kipande chetu. Kwa hiyo mwanzo kulikuwa na bromini mbili na klorini moja: CHBr2Cl, dibromoklorometani. Kukagua, rudia ile ile ya kuandika na kusogeza. Safari hii unaanza na 3, 4, 1 na kuongeza bromini ya pili:

```
206  208  210  212
  3    4    1
       3    4    1
------------------
  3    7    5    1
```

Kwa namba halisi, ukifanya 208 kuwa 100, ni 44, 100, 69, 13. Gawa zako kwa 478,000 uone.

mtoto_wa_langoni

45, 100, 71, 13! Wallahi nimefurahi. Lakini sasa nashangaa. Hivi vidogo vimekaa sawasawa, na vile virefu nilivyovitegemea ndivyo vimekaa vibaya. Nilidhani kilele kirefu ndicho cha kuaminika.

neli_ya_kioo

Kwa kawaida ndivyo. Safari hii virefu vimezidi. Ile 8,388,000 uliyoitaja kwa kupita ndiyo iliyonishtua. Mbili ikizidishwa yenyewe mara 23 ni 8,388,608, na kuna mashine ambazo hesabu yao inaishia hapo. Hata zikija ioni zaidi, kaunta haipandi. Kilele cha 129 kimegonga dari. 127 na 131 hazijagonga, kwa hiyo zikilinganishwa na 129 iliyokatwa kichwa zinaonekana ndefu kuliko haki yake.

Ushahidi uko ndani ya namba zako mwenyewe. Achana na 129, linganisha 131 na 127 tu. Kwa haki, 24 kwa 77 ni 0.31. Zako, 28 kwa 91, ni 0.31. Wawili wamekubaliana, aliyekosana na wenzake ni yule wa kati. Ingekuwa kitu kingine kimejichanganya kwenye 127, uwiano huu nao ungevurugika.

Punguza ile pentani mara kumi kwa pentani safi, ingiza tena.

nahodha_mstaafu

Nimesoma yote mara mbili na bado sijajibiwa. Sumu au si sumu?

neli_ya_kioo

Nahodha samahani, tumekuacha gatini. Urefu wa vilele hivi ukilinganishwa wao kwa wao unasema molekuli ina atomi gani na ngapi. Hausemi kiko kiasi gani kwenye maji. Tone moja na ndoo nzima vina 3, 4, 1 ile ile. Kujua kiasi inabidi binti apime myeyusho wenye kiasi kinachojulikana alinganishe nao, na hajafanya.

Kinachotokea ni hivi: maji ya bahari yana bromini kidogo ya chumvi, kama miligramu 65 kwa lita, na kisima cha pwani hudokolewa na bahari. Klorini ukiitia inaiamsha ile bromini, nayo inajishika kwenye uchafu wa majani na mizizi kwa kasi kuliko klorini yenyewe. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 0.1 kwa lita kwa hii dibromoklorometani. Lakini shirika hilo hilo linasema usiache kutibu maji kwa kuiogopa. Kipindupindu hakingoji miaka. Na hiyo harufu ya bwawa ni klorini iliyozidi au kuchanganyika na uchafu, hailingani moja kwa moja na tunavyovizungumzia hapa.

nahodha_mstaafu

Basi yule kijana alitia kwa kukisia. Nitampigia simu.

mtoto_wa_langoni

Nimerudi. Nimepunguza mara kumi: 127 ni 77, 129 ni 100, 131 ni 24. Imekaa kama ilivyochorwa.

Na nina swali la pembeni. Kabla ya mlima huo kuna mwingine mdogo, wenye 83, 85 na 87, kwa 100, 65 na 10. Nimeandika 3 na 1, nikasogeza, nikapata 9, 6, 1, kwa hiyo klorini mbili. Ni klorofomu?

ticha_malindi

Klorofomu hiyo. CHCl3 ikipoteza klorini moja inabaki CHCl2, 12 na 1 na 70, ni 83. Hii nafundisha kila mwaka.

neli_ya_kioo

Inaweza, Ticha, lakini si lazima. Bromodiklorometani, CHBrCl2, ikipoteza bromini inabaki CHCl2 hiyo hiyo, 83 hiyo hiyo, 9, 6, 1 hiyo hiyo. Urefu wa vilele unahesabu halojeni zilizobaki kwenye kipande, haumjui aliyeondoka. Binti, kwenye mlima huo huo tafuta 127 na 129 ndogo. Zikiwepo, kuna bromini ilikuwamo. Klorofomu haina namna ya kutoa 127. Halafu kwenye mrija klorofomu hutoka mapema zaidi, ikifuatwa na bromodiklorometani, halafu hii yako, mwisho bromofomu.

mtoto_wa_langoni

127 na 129 zipo, ndogo ndogo. Kwa hiyo bromodiklorometani. Ticha pole.

ticha_malindi

Haya bwana. Leo nimekula mbili. Wanafunzi wangu wasisome uzi huu.

mtoto_wa_langoni

Sasa kisima cha pili, cha ufuoni. Mlima mkubwa huko una 171, 173, 175 kwa 1, 2, 1, na huko juu kuna 250, 252, 254, 256 kwa 1, 3, 3, 1. Hii nimeifanya mwenyewe: bromini tatu, bromofomu, ikipoteza moja zinabaki mbili. Naona mantiki, bahari iko karibu zaidi.

Ila dibromoklorometani ya kisima hicho ndiyo inanisumbua. Ni ndogo, 129 haifiki hata laki tatu, kwa hiyo haijagonga dari:

```
m/z 127    88
m/z 129   100
m/z 131    23
```

Nimelinganisha 131 na 127 kama ulivyonifunza, napata 0.26. Safari hii hawakubaliani. 131 na 129 zinakubaliana, aliyezidi ni 127.

bi_mwani

Nilisema mimi.

neli_ya_kioo

Bi mwani, sasa nakuvulia kofia nusu. Binti umesoma vizuri: 127 ina mzigo wa ziada usio na mwenzake kwenye 129. Haki yake ni 77, imepata 88, hizo 11 zinatoka kwingine. Kitu kinachotoa 127 bila 129 ndiyo sifa ya ayodini, na klorini ikikutana na ayodini ya maji ya chumvi inaweza kutengeneza ndugu wa hawa wenye ayodini ndani yao.

Lakini siapi. Mzigo wa 11 unaweza pia kuwa kipande cha kitu chochote cha kikaboni chenye masi 127, na maji ya kisima yana vitu vingi. Unajua spektra uliichukua vipi? Ulichukua kwenye kilele cha mlima tu, au umepunguza na mandhari ya pembeni?

mtoto_wa_langoni

Nilichukua katikati ya mlima tu. Sikutoa mandhari.

neli_ya_kioo

Basi anza hapo, maana mrija uliochoka nao hutoa vumbi lake. Kisha chora mstari wa 127 peke yake na wa 129 peke yake dhidi ya muda, uvilaze kimoja juu ya kingine. Vikipanda na kushuka pamoja sekunde kwa sekunde, mzigo uko ndani ya molekuli hiyo hiyo au mashine ina walakini. Mstari wa 127 ukiwa na bega pembeni, au kilele chake kikiwahi au kuchelewa hata sekunde mbili, kuna mtu wa pili amejificha chini ya mlima. Na ukimpata, tafuta masi yake yote: ayodini yenye klorini mbili, CHCl2I, inaanzia 210 na inafuata 9, 6, 1. Hapo angalia usiichanganye na 210 ya dibromoklorometani.

bi_mwani

Na kama ni ayodini, imetoka kwenye mwani au kwenye bahari yenyewe?

neli_ya_kioo

Hilo vilele havisemi, bi.

mtoto_wa_langoni

Zamu yangu ya mashine ni Alhamisi ijayo, asubuhi. Nitachora hiyo mistari miwili niilete hapa. Pia nimegundua chupa moja ya kisima cha ufuoni ilikuwa na kiputo cha hewa juu, nilipoifunga sikuijaza hadi mdomoni. Itakuwa imeharibu?

neli_ya_kioo

Kwa kupima kiasi, ndiyo, sehemu yake imekimbilia kwenye hewa. Kwa uwiano wa 127 na 129 ndani ya molekuli moja, hapana. Nzito na nyepesi zinapanda boti moja. Lakini chota upya ukienda nyumbani, ujaze mpaka ukiweka kifuniko maji yamwagike.

nahodha_mstaafu

Ukija kuchota, pitia Shela uchukue na ya kwangu. Chupa nitakuwa nayo, niambie tu iwe ya kioo au plastiki.

mtoto_wa_langoni

Ya kioo ami, yenye kifuniko kinachobana. Mimi nitakuja nayo, wewe usiitie kitu.